“Edited” na “This message was deleted” kwenye WhatsApp: maneno haya yanakuambia nini?

Umefungua WhatsApp na kuona neno “Edited” pembeni ya saa ya ujumbe. Maana yake ni kwamba aliyeutuma aliubadilisha baada ya kuutuma. WhatsApp haikuonyeshi maneno ya kwanza yalikuwa yapi, na haikupi taarifa wakati mabadiliko yanapofanyika.

Jambo la kukumbuka ni muda. Mtumaji ana dakika 15 tu za kubadilisha ujumbe, tangu alipoutuma. Halafu saa unayoiona kwenye ujumbe ni ya kutumwa, siyo ya kubadilishwa. Kwa hiyo ukiona “Edited” kwenye ujumbe wa saa 3:05 asubuhi, ambao simu inauandika 09:05, ujue ulibadilishwa kabla ya saa 3:20.

Tuseme uko Dzaleka na unanunua simu iliyotumika kwa muuzaji wa Old Town, Lilongwe. Saa 3:05 anakutumia namba ya Airtel Money inayoishia na 47. Saa 3:08 unaisoma, unaiandika kwenye karatasi, unazima data ili bando lisiishe, na unaenda kwa wakala. Saa 3:14 muuzaji anagundua amekosea, anarekebisha namba iishie na 74. Simu yako haina data, kwa hiyo bado inaonyesha 47. Saa 3:40 unalipa. Jioni unawasha data na ujumbe unabadilika mbele yako: 74, na neno “Edited”. Muuzaji anasema, “Angalia mwenyewe, nilikupa namba sahihi.”

Hapo neno “Edited” linakusaidia kwa kiasi. Linaonyesha kwamba ujumbe haukuwa hivyo tangu mwanzo. Halionyeshi kwamba namba ya kwanza ilikuwa 47. Hilo linaonyeshwa na karatasi yako na SMS ya malipo. Wala halionyeshi kwamba muuzaji ni mwizi. Huenda kweli alikosea, na huenda anadhani uliona marekebisho. Kabla ya kugombana naye, wasiliana haraka na huduma kwa wateja ya mtandao uliolipia, ukiwa na SMS hiyo, uombe malipo yazuiwe au yarudishwe. Aliyepokea akishatoa pesa, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Ili usifike huko, jibu kwa kurudia namba na bei yenyewe: “Sawa, 85,000 kwa namba inayoishia 47.” Ukijibu “ndiyo” peke yake, ujumbe wa juu ukibadilishwa, “ndiyo” yako itaonekana imekubali kitu kingine. Ukifika kwa wakala, washa data kidogo usome tena kabla ya kulipa. Unaweza pia kuomba namba kwa sauti, kwa sababu ujumbe wa sauti hauwezi kurekebishwa; unaweza kufutwa tu.

Ujumbe uliofutwa una mambo yake. “This message was deleted” inamaanisha mtumaji alichagua “Delete for everyone”. Kwenye kikundi, kiongozi wa kikundi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama, na hapo utaona imeandikwa kwamba umefutwa na “admin”. Usimlaumu mwanachama kwa kuficha kitu kabla hujasoma neno hilo. Taarifa haisemi kama kilichofutwa kilikuwa maandishi, picha au sauti, na watu hufuta kwa sababu nyingi: wametuma mara mbili, wamekosea kikundi, au tangazo la ugawaji lilikuwa na tarehe isiyo sahihi.

Muda wa kufuta kwa wote ni zaidi kidogo ya siku mbili. Ujumbe wa wiki iliyopita ukitoweka bila taarifa yoyote, mtumaji hakuufuta kwa njia hiyo. Angalia kama mazungumzo yamewekwa “Disappearing messages”, ambapo ujumbe hupotea baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, au kama kuna mtu aliyeshika simu yako akachagua “Delete for me”. Kwenye Telegram ni tofauti: ujumbe unaweza kufutwa pande zote mbili bila kuacha alama.

Mtu akikuomba pesa kwa ajili ya kupelekwa nchi ya tatu, kisha akafuta, piga picha ya skrini ya kilichobaki: jina, namba, saa, na majibu yako. Huduma za UNHCR ni za bure, kwa hiyo ombi hilo linafaa kuripotiwa hata kama maneno yenyewe hayapo. Lakini usipakue GB WhatsApp ili uone yaliyofutwa. Siyo programu rasmi, akaunti yako inaweza kufungwa, na hujui nani anasoma mazungumzo yako.