Kufuta data ya tovuti moja katika kivinjari

Kufuta data ya tovuti moja ni kuondoa historia, vidakuzi na maandishi ya fomu yaliyobaki kwenye kivinjari baada ya kutumia tovuti fulani, bila kugusa ya tovuti nyingine. Kazi hii huhitajika hasa pale kompyuta moja inapotumiwa na watu wengi. Ndivyo ilivyo katika saiba za mjini Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambako mteja huingia eCitizen au iTax, akachapisha karatasi zake, kisha akampisha mwingine kwenye kiti kilekile. Makala hii inaeleza vivinjari vya Chrome na Firefox vya kompyuta, kwa mfano wa eCitizen, lango la huduma za serikali ya Kenya lililoanzishwa mwaka 2014.

## Kwa nini si kufuta zote

Vitufe `Ctrl+Shift+Delete` hufungua dirisha la kufutia data, lakini dirisha hilo hupanga data kwa muda, halipangi kwa tovuti. Mteja akichagua `All time`, anamtoa mwenye saiba kwenye barua pepe yake na kufuta kumbukumbu za kazi za watu wengine. Akichagua saa moja iliyopita, kila kilichofanywa na yeyote ndani ya saa hiyo kinaondoka, na alichokifanya mwenyewe kabla ya hapo kinabaki.

## Hifadhi tatu tofauti

Hakuna kitufe kimoja cha Chrome kinachomaliza kazi hii, kwa sababu kivinjari huweka mambo haya mahali patatu, na kila mahali pana utaratibu wake.

Vidakuzi huwekwa kwa jina la kikoa. Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti hukikabidhi kivinjari ili imtambue mtumiaji kila anapofungua ukurasa mwingine. Cha `ecitizen.go.ke` hakipelekwi kwa `kra.go.ke`, kwa hiyo ni rahisi kukitenga.

Historia huwekwa kwa anwani ya kila ukurasa. Ukurasa wa kuingilia, wa maombi na wa malipo ni mistari mitatu tofauti, na kila mmoja una saa yake.

Maandishi ya fomu huwekwa kwa jina la kisanduku kilichojazwa. Tovuti yenyewe haimo katika hesabu hiyo. Chrome hukumbuka kwamba katika kisanduku kiitwacho, mathalani, `phone`, iliwahi kuandikwa nambari fulani. Ndiyo maana nambari ya simu iliyojazwa kwenye tovuti moja inaweza kujitokeza kwenye nyingine, na ndiyo maana kufuta vidakuzi vya eCitizen hakuondoi nambari ya kitambulisho iliyoandikwa hapo. Sehemu hii ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayomfichua mtu upesi: anayemfuata anabofya tu kisanduku kitupu na nambari ya mwenzake inaning'inia chini yake.

## Mfano: cheti cha tabia njema

Tuchukue mwombaji wa kazi anayeomba cheti cha tabia njema cha polisi. Anaingia eCitizen katika saiba, anajaza maombi, analipa, kisha anapakua fomu C24 na ankara ili azichapishe kabla ya kwenda kupigwa alama za vidole. Akimaliza kwenye Chrome, mpangilio unaofaa ni huu.

1. Kutoka kwenye akaunti. Abofye `Logout` ndani ya eCitizen. Kufuta kidakuzi ni kutupa ufunguo tu, ilhali kutoka kunaiambia tovuti yenyewe ifunge kikao. Baada ya hapo afunge vichupo vyote vya eCitizen, kwa sababu ukurasa ulioachwa wazi unaweza kuandika vidakuzi upya.

2. Vidakuzi. Aandike `chrome://settings/content/all` kwenye upau wa anwani, atafute `ecitizen`, kisha abofye alama ya pipa la taka. Chrome hukusanya pamoja vikoa vidogo vya tovuti moja, kwa hiyo `accounts.ecitizen.go.ke`, panapoingizwa neno la siri, pia husafishwa.

3. Historia. Abonyeze `Ctrl+H`, atafute `ecitizen`, achague mistari yote inayotokea na kubofya `Delete`. Kisha arudi kwenye orodha ya siku hiyo bila kutafuta neno lolote na kupitia muda aliokaa kwenye mashine. Huenda akakuta ukurasa wa malipo wenye anwani nyingine, au faili iliyofunguliwa kutoka kwenye diski, ambayo anwani yake huanza kwa `file:///`.

4. Maandishi ya fomu. Afungue tena ukurasa wa kuingilia, abofye kisanduku, ashuke kwa mshale hadi pendekezo lenye nambari yake, halafu abonyeze `Shift+Delete`. Hiyo moja tu ndiyo itakayoondoka. Arudie kwa kila kisanduku alichojaza: jina, simu, barua pepe. Akimaliza, aufunge ukurasa huo na kufuta mstari wake mpya kwenye historia.

5. Neno la siri. Ikiwa alibofya `Save` Chrome ilipomuuliza, afungue `chrome://password-manager/passwords` na kufuta akaunti yake pekee.

6. Faili. Fomu C24 na ankara bado zimo kwenye folda ya `Downloads`. Kufuta historia hakufuti faili. Azifute hapo, kisha aziondoe pia kwenye `Recycle Bin`.

## Katika Firefox

Firefox ina njia fupi zaidi. Vitufe `Ctrl+Shift+H` hufungua maktaba ya historia. Mtumiaji hutafuta tovuti, hubofya mstari wake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua `Forget About This Site`. Amri hiyo huondoa kwa pamoja historia na vidakuzi vya tovuti hiyo. Hata hivyo, Firefox nayo hupanga maandishi ya fomu kwa jina la kisanduku, kwa hiyo mapendekezo yakaguliwe kwa mkono kama katika Chrome, na maneno ya siri yakaguliwe kwenye `about:logins`.

## Kuthibitisha

Majaribio mawili yanatosha. Kwanza, kuandika herufi `eci` kwenye upau wa anwani: kurasa ulizofungua zisijitokeze. Pili, kufungua eCitizen: ikuulize uingie, na visanduku visipendekeze chochote chako. Ikikupokea kwa jina lako, kikao bado ki hai. Toka tena, kisha rudia hatua ya vidakuzi. Mwishoni futa pia mstari wa ziara hii ya majaribio.

## Mipaka

Kufuta huku hakugusi kumbukumbu zilizoko kwa eCitizen wenyewe, wala zile ambazo mitambo ya mtandao ya saiba huenda imeziweka kuhusu tovuti zilizotembelewa. Programu ya kunasa vitufe, ikiwa imewekwa kwenye mashine, huwa imekwisha kuchukua neno la siri kabla ya lolote kufutwa. Vilevile, mtumiaji akiwa ameingiza akaunti yake ya Google katika Chrome na kuruhusu usawazishaji, historia na maneno yake ya siri huonekana pia kwenye vifaa vyake vingine, na kinachofutwa hapa kinaweza kufutika huko.

Njia yenye kazi ndogo zaidi ni kuanza kwa dirisha fiche, `Ctrl+Shift+N` katika Chrome, ambalo halihifadhi historia wala maandishi ya fomu, na hutupa vidakuzi linapofungwa. Madirisha fiche yote yaliyo wazi hutumia vidakuzi vilevile hadi la mwisho lifungwe, kwa hiyo mteja ayafunge yote kabla hajaondoka. Faili alizopakua hubaki kwenye diski hata kwa njia hii, na ni lazima azifute mwenyewe.