Kushinda mara kwa mara si kurejeshewa pesa: Hesabu mbili za mashine ya kamari

MTU anayecheza mashine ya kamari kwa kawaida hupima ukarimu wake kwa jinsi inavyolia. Ikilia mara nyingi na kudondosha sarafu, husema inatoa. Ikinyamaza, husema imefunga. Kipimo hicho kinachanganya mambo mawili ambayo watengenezaji wa mashine hizo huyapanga kila moja peke yake.

Jambo la kwanza ni asilimia ya marejesho, yaani sehemu ya pesa zote zilizochezwa ambayo mashine imepangiwa kuwarudishia wachezaji baada ya michezo mingi mno. Jambo la pili ni mara za ushindi: katika kila michezo 100, ni mingapi italipa chochote, hata kama ni kidogo. La kwanza huhesabu shilingi, la pili huhesabu matukio. Mashine mbili zinaweza kulingana kabisa katika la kwanza na kutofautiana kama usiku na mchana katika la pili.

Ili kuelewa jinsi hilo linavyowezekana, tuchukue mfano wa mashine sahili yenye magurudumu matatu, kila gurudumu likiwa na alama 10. Magurudumu hayo yanaweza kusimama kwa namna 1,000 tofauti, kwa kuwa 10 mara 10 mara 10 ni 1,000. Dau ni Sh10 kwa kila mchezo. Iwapo kila namna itatokea mara moja, wachezaji watakuwa wameweka Sh10,000. Mwenye mashine anataka kubaki na Sh1,000, kwa hivyo ni lazima agawe Sh9,000. Hiyo ndiyo asilimia 90 ya marejesho. Kilichobaki ni kuamua Sh9,000 hizo zigawanywe vipi.

Katika mashine ya kwanza, namna 200 zinalipa Sh10 kila moja, 90 zinalipa Sh50 na 10 zinalipa Sh250. Ukijumlisha Sh2,000, Sh4,500 na Sh2,500, unapata Sh9,000. Namna zinazolipa ni 300 kati ya 1,000, hivyo mara za ushindi ni asilimia 30. Mchezaji atasikia mlio takriban kila baada ya michezo mitatu.

Katika mashine ya pili, namna 40 zinalipa Sh100 na tano zinalipa Sh1,000. Jumla ni Sh4,000 na Sh5,000, yaani Sh9,000 zile zile. Hata hivyo, namna zinazolipa ni 45 pekee, sawa na asilimia 4.5. Mwenye mashine anabaki na kiasi kile kile, lakini mchezaji anakutana na kiumbe kingine kabisa.

Tuseme mtu ana Sh200, zinazotosha michezo 20. Kwenye mashine ya kwanza, uwezekano wa michezo yote 20 kupita bila malipo yoyote ni takriban mara nane katika 10,000. Kwenye mashine ya pili, uwezekano huo ni takriban mara 40 katika 100. Ndiyo kusema kati ya watu 10 wanaoikaribia mashine ya pili wakiwa na Sh200, takriban wanne wataondoka mikono mitupu bila kusikia mlio hata mmoja. Wataapa kwamba mashine hiyo ni mwizi kuliko ile ya kwanza. Kwa hesabu ya marejesho, hawako sahihi.

Sasa tuzame zaidi. Katika mashine zote mbili, kila mchezo humgharimu mchezaji Sh1 kwa wastani, kwa kuwa anaweka Sh10 na kurejeshewa Sh9. Akiendelea kurudisha ndani kila anachoshinda hadi pesa zimwishie, Sh200 zake zitampa michezo 200 kwa wastani. Akicheza michezo 10 kwa dakika, hizo ni dakika 20. Wastani huo ni mmoja, ila jinsi wachezaji wanavyousambaza ni tofauti. Kwenye mashine ya pili wengi huisha mapema, huku wachache waliobahatika kupata Sh1,000 wakicheza muda mrefu na kuupandisha wastani. Kwenye mashine ya kwanza wengi zaidi hudumu, wakipanda na kushuka polepole. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia haba na haba hukiondoa kibaba.

Hapa ndipo penye hatari ya kutegemea masikio. Tazama tena mashine ya kwanza: kati ya namna 300 zinazoitwa ushindi, 200 zinarejesha Sh10 zile zile zilizowekwa. Namna zinazomwachia mchezaji faida ni 100 tu, yaani asilimia 10.

Mtengenezaji anaweza kwenda mbali zaidi. Achukue Sh2,000 zilizokuwa zikigawiwa namna 200 kwa Sh10, azigawie namna 400 kwa Sh5. Ghafla namna zinazolipa zimekuwa 500, na mara za ushindi zimepanda kutoka asilimia 30 hadi 50. Marejesho hayajabadilika hata kwa senti moja, na namna zenye faida zimebaki 100. Kilichoongezeka ni milio inayosherehekea mtu aliyeweka Sh10 na kupewa Sh5.

Mtindo huo umeenea katika mashine za kisasa za skrini, ambapo mchezaji huweka dau kwenye mistari mingi kwa wakati mmoja. Mstari mmoja ukilipa, taa humulika ingawa mingine yote imepoteza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walipima jasho la ngozi za wachezaji na kugundua kwamba hasara za aina hiyo ziliwasisimua kwa namna inayokaribiana na ushindi wa kweli. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 2021, michezo ya aina hii mtandaoni imepigwa marufuku kusherehekea malipo yasiyozidi dau.

Je, mchezaji anaweza kuzitambua hesabu hizi kwa macho? Mara za ushindi, ndiyo, kwa kiasi fulani: akihesabu michezo 100, atapata picha isiyo mbali na ukweli. Marejesho ni vigumu, hasa katika mashine kama ile ya pili, ambapo zaidi ya nusu ya malipo yote yamo katika namna tano kati ya 1,000. Michezo 100 inaweza kupita bila kukutana na hata moja, na mashine ya asilimia 90 ikaonekana kama ya asilimia 40.

Kuhesabu alama kwenye magurudumu pia hakusaidii. Hataza aliyopewa Inge Telnaes nchini Amerika mwaka wa 1984 iliwezesha kompyuta kuchagua nambari kwanza, kisha gurudumu kusimamishwa panapolingana na nambari hiyo. Alama mbili zinazoonekana kuwa sawa zinaweza kupewa nambari nyingi au chache, hivyo kioo hakisemi ukweli wote.

Kwa sababu hiyo, asilimia ya marejesho hujulikana tu kutokana na hesabu za mashine yenyewe zinazokaguliwa na wadhibiti. Jimbo la Nevada, mathalan, hudai isipungue 75. Mashine isiyo na leseni wala mkaguzi haina asilimia ambayo mchezaji anaweza kuithibitisha.

Kipimo kilicho mikononi mwake ni kimoja: aandike pesa alizoanza nazo, kisha azilinganishe na alizobaki nazo, na kila malipo yasiyozidi dau asiyaite ushindi.