Kurenda si Kuhifadhi

Ntalikwa, Tabora

Ndugu mteja wangu,

Umeuliza kwa nini kugeuza mchana kuwa usiku kwenye video yako na kuongeza taa mbili za chemli kunadai siku nne zaidi, ilhali tembe la Kwihara ni lile lile na kamera inapita njia ile ile. Jibu limo katika maneno matatu tunayoyatumia bila kuelezana.

La kwanza ni kurenda. Wengi hulichukulia kama kuhifadhi faili, kumbe ndipo picha inapoundwa. Programu ya Blender, kwa injini yake ya Cycles, hufuata mwale kutoka kwenye kamera hadi ukutani, kisha unavyodunda sakafuni na mlangoni mpaka ukute taa au upotee. Hufanya hivyo kwa kila nukta ya picha. Taa ikiongezwa, mwanga wake hudunda kila mahali, hivyo siwezi kubandika kipande kipya juu ya fremu za zamani.

La pili ni sampuli, yaani idadi ya miale inayotumwa kwa kila nukta. La tatu ni chenga, zile punje zinazocheza kwenye televisheni isiyoshika vizuri. Sampuli zikipungua, chenga huzidi. Jua la mchana lilikuwa rahisi kulipata. Sampuli 256 zilitosha. Taa ulizotaka ni ndogo, ziko ndani, na mwanga wake unapita kwenye kioo kabla ya kutokea mlangoni. Injini haiwezi kuzilenga moja kwa moja; miale michache tu huzifikia. Na ili chenga zipungue kwa nusu, sampuli sharti ziwe mara nne.

Tupige hesabu. Sekunde 10 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 240. Mchana kila fremu ilichukua dakika 4, jumla saa 16. Kwa sampuli 1,024 inachukua dakika 16, jumla saa 64. Umeme ukikatika naendelea nilipoishia, kwani kila fremu huhifadhiwa peke yake. Muda unaobaki ni wa majaribio na ukaguzi.

Kuna kichujio cha chenga, nacho husaidia picha moja iliyotulia. Kwenye video husafisha kila fremu kivyake. Chenga zikiwa nyingi, kuta za udongo huonekana kama zinachemka. Nimekijaribu, na kivuli cha barazani kinametameta.

Kubadili rangi au mwangaza wa jumla hakuhitaji kurenda upya. Hayo niagize hata mwishoni. Ila kusogeza taa, ukuta au kamera kunahitaji. Naomba basi uthibitishe mahali pa taa kwenye fremu tatu nilizoambatanisha kabla sijaanza. Baada ya hapo, taa ikihama, tunaanza saa 64 nyingine.