Mkataba wa Madina: nani atamlipia damu mtu aliyehama?

KABAMBARE – Kila mwaka mpya wa Kiislamu unapofika, misikiti ya Kasongo na Kabambare husimulia Hijra, safari ya Mtume Muhammad na wenzake kutoka Maka kwenda Yathrib, mji ulioitwa baadaye Madina, mwaka 622. Husimuliwa kidogo zaidi kilichoandikwa baada ya kufika: sahifa, yaani karatasi ya mapatano kati ya wageni hao, makabila ya mji na Wayahudi.

Yathrib haukuwa mji wa amani. Makabila mawili ya Kiarabu, Aus na Khazraj, yalikuwa yamepigana kwa miaka mingi, na vita vyao vikubwa vya mwisho, vya Bu'ath, vilikuwa vimepita miaka michache tu. Hapakuwa na polisi wala hakimu. Mtu alilindwa na ukoo wake. Akiua bila kukusudia, ukoo wake ulichanga fidia ya damu. Akitekwa, ukoo ulitoa mali ya kumkomboa.

Sasa fikiria mtu aliyekimbia Maka. Ndugu zake wamebaki kule, na wamekuwa adui zake. Kama ngamia wake akimkanyaga mtoto wa wenyeji akafa, nani atalipa? Wenyeji hawawezi kudaiwa kwa kosa la mgeni, na yeye alikuja mikono mitupu. Bila mlipaji, ukoo wa mtoto ungedai damu kwa damu, na vita vingeanza upya.

Sahifa inajibu jambo hilo mwanzoni kabisa. Inawataja Wahamiaji wa Kikureshi kama kundi moja: watalipiana fidia wao kwa wao na kuwakomboa mateka wao. Ndipo inataja koo nane za wenyeji, kila moja kwa jina lake, kwa masharti yaleyale. Kwa maneno mengine, waliokimbia walipewa nafasi ya ukoo, ingawa wao wenyewe walitoka koo mbalimbali. Aidha, waumini wanakatazwa kumwacha mwenzao aliyelemewa na deni la fidia au la kukomboa mateka. Ugomvi unaoweza kuleta fitina upelekwe kwa Mungu na kwa Muhammad, na bonde la Yathrib liwe mahali patakatifu kwa watu wa sahifa hiyo.

Karatasi ya asili haipo tena. Maneno yake yametufikia kupitia Ibn Is'haka, aliyekufa karibu mwaka 767, na kwa njia nyingine kupitia Abu Ubayd, mwanachuoni wa karne iliyofuata. Hata hivyo wanahistoria wengi, hata wale wanaotilia shaka masimulizi mengi ya zama hizo, wanaikubali kuwa ya kweli. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: mtu wa baadaye angeitunga, angeandika mambo ya zama zake, na asingewaweka Wayahudi ndani ya umma.

Na hapo ndipo ubishi ulipo. Kwa Ibn Is'haka, Wayahudi wa ukoo wa Auf ni umma pamoja na waumini, huku kila upande ukibaki na dini yake. Kwa Abu Ubayd, ni umma kutoka kwa waumini. Neno dogo, lakini linabadilisha mengi. Fred Donner anaona hapa kwamba mwanzoni jumuiya ya waumini iliweza kuwa na Wayahudi ndani yake. Michael Lecker anapendekeza kwamba neno lenyewe si umma bali amana, yaani usalama: Wayahudi hao wanapewa ulinzi na waumini. Katika maandishi ya Kiarabu ya kale, yasiyo na nukta, maneno hayo mawili yanatofautiana kwa jino moja dogo la herufi nuni.

Jambo lingine linalosumbua ni majina yasiyokuwepo. Makundi makubwa ya Kiyahudi ya mji, Kainuka, Nadhiri na Kuraidha, hayatajwi. Montgomery Watt aliona kwamba huenda sahifa tuliyonayo ilipata sura yake baada ya makundi hayo kuondolewa, la mwisho mwaka 627, ingawa sehemu zake ni za zamani zaidi. Robert Serjeant aliigawa kuwa hati nane za nyakati tofauti. Lecker anasema makundi hayo matatu hayakuwa katika sahifa hii. Yalikuwa na mapatano yao ya pembeni ya kutoshambuliana.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Masimulizi ya kale yanasema Kuraidha waliadhibiwa kwa kuvunja ahadi. Anayesoma kama Lecker hawezi kuchukua masharti ya sahifa hii na kusema ndiyo waliyoyavunja. Itabidi aitafute ahadi hiyo kwenye mapatano mengine, ambayo maandishi yake hayakuhifadhiwa kama haya.