Ukiambiwa umeme utakatwa leo: jinsi ya kujua kama notisi ni ya kweli, kulipa na kulalamika

Ujumbe wa aina hii huja zaidi Ijumaa jioni au mwisho wa mwezi. Unasema umeme utakatwa saa kumi, unataja kiasi cha kulipa, na chini kuna namba ya simu ya mkononi. Familia nyingi za Juba hupokea ujumbe kama huu kwa njia mbili. Kwanza ni nyumba ya hapa mjini. Pili ni nyumba ya kupanga kule Kenya, ambako mama na watoto wanaishi kwa ajili ya shule huku baba, mjomba au dada mkubwa akituma pesa kutoka Juba. Njia hii ya pili ndiyo inayowapotezea watu pesa nyingi, kwa sababu anayelipa hayuko karibu na mita na hawezi kuona kinachoendelea.

Kabla ya kujibu ujumbe wowote, jiulize swali moja: nyumba hiyo ina mita ya aina gani?

Mita ya tokeni haina bili ya mwisho wa mwezi

Juba mjini umeme wa gridi unasambazwa na JEDCO, kampuni iliyoanzishwa kwa ubia kati ya Shirika la Umeme la Sudan Kusini na kampuni ya Ezra. Huduma hii ilianza rasmi Novemba 2019, mtambo wa megawati 33 ulipozinduliwa. Wateja wake waliwekewa mita za malipo ya kabla: unanunua umeme kwanza, unaingiza namba kwenye mita, unautumia mpaka uishe. Ukiisha, taa zinazimika zenyewe. Hakuna mtu anayehitaji kuja na karatasi kukuambia unadaiwa umeme wa mwezi uliopita, kwa kuwa ulishaulipia kabla ya kuutumia.

Kwa hiyo mtu akibisha mlango wako Juba, akataka malipo ya "bili" ya nyumba yenye mita ya tokeni, hadithi yake ina shimo tangu mwanzo. Hilo halimaanishi kwamba mita ya tokeni haiwezi kukatwa kamwe. Kampuni inaweza kukata ikiona mita imechezewa, waya umeunganishwa kupita nje ya mita, au laini ni hatari. Mteja anaweza pia kuwa na deni la zamani, na mara nyingi deni hilo hukatwa kidogo kidogo kila anaponunua tokeni. Dalili yake ni kwamba unalipa pesa ileile lakini unapata uniti chache kuliko kawaida. Mambo haya yote humalizwa ofisini, na risiti inatolewa. Mlangoni, mikononi mwa mgeni, si mahali pake.

Ukipewa karatasi, chukua namba ya mita iliyoandikwa juu yake na uilinganishe na namba iliyo kwenye mita yako, tarakimu moja baada ya nyingine. Mita nyingi za tokeni zina namba ya tarakimu 11. Karatasi isiyo na namba ya mita, au yenye namba isiyo yako, haikuhusu. Kisha nenda mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni au kituo unachonunulia tokeni kila siku. Usipige namba iliyo kwenye karatasi yenyewe ili kuihakiki, kwa sababu atakayepokea ni yuleyule aliyeiandika.

Nyumba ya Kenya: hapa notisi inaweza kuwa ya kweli

Kenya Power, ambayo watu bado huiita KPLC au "stima", ina wateja wa aina mbili. Wenye tokeni hulipa kabla, na wenye bili hulipa baada ya kutumia. Mwenye bili anaweza kweli kukatiwa umeme kwa deni. Ndiyo maana matapeli wanapenda nyumba za bili.

Tuchukue mfano. Mama amepanga Eldoret. Saa nane mchana anapata ujumbe unaosema anadaiwa shilingi 4,350 na mafundi wako njiani, kwa hiyo atume pesa kwa "afisa wa mtaa" kwenye namba ya simu iliyotajwa. Anampigia kaka yake aliye Juba. Kaka anataka kutuma moja kwa moja kwa afisa huyo ili mambo yaishe.

Hapa kaka asubiri kidogo. Mama apige *977# kwenye simu yake. Hiyo ni huduma ya Kenya Power yenyewe, na ndani yake anaweza kuingiza namba ya akaunti na kuona deni lililopo. Namba ya akaunti iko kwenye bili ya zamani. Kama hana bili, amwombe mwenye nyumba au ajenti wake. Anaweza pia kupiga 97771, namba ya huduma kwa wateja. Tuseme deni linaonekana shilingi 1,280. Sasa anajua mambo mawili: kweli kuna deni, na aliyetuma ujumbe haangalii rekodi ya kampuni.

Usishangae akaunti ikisoma jina la mtu mwingine. Wakimbizi na wapangaji wengi hawana akaunti kwa jina lao, kwa sababu mita ilisajiliwa kwa jina la mwenye nyumba miaka mingi iliyopita. Jina la mwenye nyumba kwenye notisi ni jambo la kawaida. Jina la mtu usiyemjua kabisa ndilo la kuulizia.

Kulipa bila kupitia mkono wa mtu

Kenya Power hailipwi kwa namba ya simu ya mtu, na wafanyakazi wake hawaruhusiwi kupokea pesa taslimu nyumbani kwako. Kwa M-PESA, ingia Lipa na M-PESA, kisha Pay Bill. Nyumba ya bili hulipiwa kwa namba ya biashara 888888, na sehemu ya akaunti unaandika namba ya akaunti. Nyumba ya tokeni hulipiwa kwa 888880, na sehemu ya akaunti unaandika namba ya mita. Watu hukosea hapa mara nyingi, wakaweka pesa ya bili kwenye tokeni, kisha wanahangaika siku kadhaa kuirudisha.

Kabla ya kumaliza malipo, soma jina linalotokea kwenye skrini. Linapaswa kuanza na KPLC. Ukiona jina la mtu, katisha hapohapo. Ujumbe wa risiti nao una alama yake: malipo halali yanataja KPLC na namba ya akaunti uliyoandika. Pesa iliyokwenda kwa mtu inaonyesha jina na namba ya simu tu, bila akaunti yoyote. Hata ajenti wa nyumba akikuambia "nitumie mimi nitakulipia", mwombe namba ya akaunti ulipe mwenyewe. Yeyote anaweza kulipia akaunti yoyote, na risiti inabaki kwenye simu yako. Baadaye mwenye nyumba akidai hukulipa umeme, risiti hiyo ndiyo utakayomwonyesha.

Kwa hiyo kaka wa Juba amtumie dada yake pesa, na dada alipe 1,280 kwa namba ya biashara. Njia hii ina hatua moja zaidi, lakini pesa haipiti kwa mgeni.

Kama fundi amefika getini, hana haki ya kukasirika ukimwomba kitambulisho cha kazi. Kenya Power ina huduma inayoitwa Jua for Sure ndani ya *977#. Unaingiza namba ya kazi ya mfanyakazi na unaletewa jibu kama ni wa kampuni. Linganisha jina la kwenye simu na la kwenye kitambulisho. Nguo yenye nembo haitoshi, hununuliwa sokoni.

Jambo jingine la kuangalia ni namba za siri. PIN ya M-PESA, au namba ya uhakiki iliyokuja kwa ujumbe, haina kazi yoyote katika kukata au kurudisha umeme. Anayeiomba anataka kuingia kwenye simu yako, na deni la stima ni kisingizio tu.

Deni ni la kweli lakini kiasi si sahihi

Hili hutokea, na si utapeli. Sababu ya kawaida ni bili ya makadirio: msomaji wa mita hakufika, kampuni ikakisia. Soma tarakimu zilizo kwenye mita leo na uzilinganishe na usomaji wa mwisho uliochapishwa kwenye bili. Kama bili inasema 5,620 na mita yenyewe iko 5,480, umetozwa uniti 140 ambazo bado hujazitumia. Piga picha ya mita ionyeshe tarakimu pamoja na namba ya mita, kisha peleka malalamiko kupitia 97771 au ofisi ya Kenya Power iliyo karibu. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uiandike. Bila namba hiyo, ukipiga wiki ijayo unaanza upya.

Lipa kiasi usichokibishia wakati malalamiko yanashughulikiwa. Kuacha kulipa kabisa kunampa fundi sababu halali ya kukata. Kampuni isipojibu, mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, hupokea malalamiko ya wateja. Watakuuliza ulishalalamika kwa kampuni lini na namba ya kumbukumbu ni ipi. Baada ya EPRA kuna Mahakama ya Nishati na Petroli, iliyo chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, ingawa kwa bili ya nyumba moja ni nadra mtu kufika huko.

Ikiwa shida ni kati yako na mwenye nyumba, yaani umelipa kwake naye hakupeleka, Kenya Power haitakusaidia kupata pesa hiyo. Kwao akaunti bado ina deni. Hapo shauri lako ni la mpangaji na mwenye nyumba.

Kama pesa imeshakwenda

Fanya haraka, kwa sababu tapeli hutoa pesa ndani ya dakika chache. Peleka ujumbe wote wa M-PESA wa muamala ule kwenye namba 456 kuomba urudishwe. Utume kutoka laini ileile iliyotuma pesa. Hapa wakimbizi wengi hukwama, kwa kuwa laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha rafiki au jirani, na maswali ya uhakiki anayajua mwenye kitambulisho. Mtafute mara moja, msikilizane, akae na wewe mpaka jibu lije. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji inaweza kuzuiwa. Ikiwa imeshatolewa, Safaricom haiwezi kuirudisha, na njia iliyobaki ni polisi. Andikisha taarifa kituoni na upewe namba ya OB.

Ujumbe wa utapeli wenyewe usiufute. Utume kwenye namba 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za matapeli bila malipo, kisha uwatumie picha yake majirani wa ploti. Anayetuma ujumbe kama huo kwa nyumba moja kwa kawaida amezitumia nyumba zote za mtaa huo saa ileile.