Kisumu: majina ya kale ya mji na ufuo wake

Kisumu ni mji wa Kenya ulio kwenye ncha ya mashariki ya Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, takriban nyuzi 0°06′ kusini na 34°45′ mashariki. Ulitangazwa kuwa jiji mwaka 2001. Haumo katika orodha ya miji iliyobadilishwa jina baada ya uhuru. Fort Hall iligeuka Murang'a, Thomson's Falls ikawa Nyahururu, Broderick Falls ikawa Webuye, na kule Kongo Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966. Kisumu iliingia mwaka 1963 na jina lake la wenyeji, kwa kuwa jina la kikoloni, Port Florence, lilikuwa limekwisha kufa zamani. Yaliyobadilika ni majina yaliyouzunguka mji, yaani ya nchi, mkoa, wilaya na ghuba, na hayo ndiyo yanayowapoteza watu wanaotafuta habari zake katika nyaraka za zamani.

Jina Port Florence ni la wajenzi wa Reli ya Uganda, iliyofika ziwani Desemba 1901. Florence huyo alikuwa nani? Vitabu havikubaliani. Kuna wanaomtaja mke wa George Whitehouse, mhandisi mkuu wa reli, na kuna wanaomtaja Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli; mke huyo ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Kupigilia msumari si ushahidi wa nani aliyepewa heshima ya jina, na anayeandika historia ya mji afadhali ataje kauli zote mbili. Jina hilo halikudumu. Katika miaka michache nyaraka za serikali zilirudia Kisumu, ingawa vitabu na ramani zilizonakiliwa kutoka kazi za nyuma ziliendelea kubeba Port Florence.

Jina hilo lisichanganywe na Port Victoria, iliyo kando ya mdomo wa mto Nzoia, upande wa Busia, na ambayo haijabadilishwa jina hadi leo. Upimaji wa njia ya reli wa mwaka 1892 ulikusudia reli iishie huko, kwenye Ghuba ya Berkeley, na ni baadaye tu mwisho wa reli ulipohamishiwa Kisumu. Kwa hiyo ramani ya miaka ya 1890 inaweza kuonyesha mstari wa reli ukienda Port Victoria. Mstari huo ni wa mpango, si wa reli iliyojengwa, na hauna maana kwamba Port Victoria ni jina jingine la Kisumu. Hata Kisumu yenyewe ina mahali pawili pa kuzingatia. Mchoro wa kwanza wa mji, wa Julai 1899, uliweka gati na maduka upande wa kaskazini wa maji, kuelekea uliko uwanja wa ndege sasa. Mji uliojengwa hatimaye ukakaa kwenye mwinuko wa kusini. Kiwanja kinachotajwa katika karatasi za mwanzo kabisa hakitafutwi katikati ya mji wa leo kabla ya kujua kilitoka kwenye mchoro gani.

Tuchukue mfano wa barua ya biashara iliyoandikwa "Port Florence, Uganda", Oktoba 1901. Mtu akifuata neno Uganda atakwenda Entebbe, na akifuata mji ulipo leo atakwenda Nairobi. Kinachoamua ni tarehe. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 ufuo huu wote ulikuwa ndani ya Himaya ya Uganda, katika Mkoa wake wa Mashariki. Siku hiyo mkoa huo ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya, na sehemu ya ziwani ikaitwa Mkoa wa Kisumu. Aliyeandika barua ile hakukosea anwani, na mwandishi mwingine aliyekaa nyumba ileile mwaka mmoja baadaye alikuwa chini ya serikali nyingine bila kusogea hata hatua moja.

Mambo ya barua hiyo kwa hiyo yanaanza kutafutwa katika nyaraka za Himaya ya Uganda. Huko Uingereza, himaya zote mbili zilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje hadi 1905, na barua zake zimo katika mfululizo wa FO 2 wa makavazi ya London. Baada ya hapo zikaingia Wizara ya Makoloni na njia zikaachana: CO 533 ni ya Kenya, CO 536 ni ya Uganda. Kuna chombo kimoja ambacho mabadiliko ya 1902 hayakukikata, nacho ni gazeti rasmi la serikali, lililoanza kuchapwa Mombasa mwaka 1899 kwa ajili ya himaya zote mbili. Kwa miaka hiyo ya mwanzo ndiko kwa kuanzia, na Kisumu na Port Florence zitafutwe humo kila moja peke yake.

Kuanzia 1902 kizuizi kinakuwa jina la mkoa na wilaya. Mkoa wa Kisumu uliitwa Mkoa wa Nyanza tangu 1909. Chini yake kulikuwa na wilaya tatu za Kavirondo: ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini. Kisumu ilikuwa makao ya Kavirondo ya Kati. Kavirondo ni jina walilolitumia watu wa misafara ya pwani, na wenyeji, Waluo na Waluhya kwa pamoja, hawakujiita hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wilaya hizo zilibadilishwa kuwa Nyanza ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini. Hapo ndipo msomaji wa Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi anapokwama, maana mafaili yalipangwa kwa jina la baadaye. Ripoti za Mkuu wa Wilaya zilizoandikwa enzi za Kavirondo ya Kati ziko chini ya alama DC/CN, yaani Central Nyanza, na za Kavirondo ya Kaskazini ziko chini ya DC/NN. Za Mkuu wa Mkoa ni PC/NZA. Anayetafuta alama yenye neno Kavirondo ataondoka mikono mitupu, ilhali karatasi zenyewe ziko pale pale na Kavirondo imeandikwa kwenye kila ukurasa.

Kwenye ramani mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu maji nayo yamebadilishwa jina. Ghuba ya Winam ya leo ni Kavirondo Gulf ya enzi za ukoloni, na katika ramani za kabla ya hapo kuna Ugowe, jina alilolieneza Stanley baada ya kulizunguka ziwa mwaka 1875. Katika kuilinganisha ramani ya namna hiyo na ya leo, mistari ya kusini na kaskazini inaaminika kuliko ya mashariki na magharibi. Msafiri aliweza kujua umbali wake kutoka ikweta kwa kupima kimo cha jua saa sita mchana, lakini kujua yuko mashariki kiasi gani kulidai saa isiyopotea hata dakika chache, na kosa la dakika nne linausogeza mji nyuzi nzima, zaidi ya kilomita 110. Kwa hiyo mji ukionekana umekaa mbali mno mashariki au magharibi, usikataliwe kwa sababu hiyo pekee. Itazamwe midomo ya mito kwa mpangilio wake: Nzoia na Yala kaskazini mwa mlango wa ghuba, Nyando karibu na Kisumu, Sondu upande wa kusini wa ghuba. Mpangilio huo ukilingana, mahali panatambulika hata jina likiwa geni.

Majina yanayoanza na "Kwa" yanahitaji hadhari ya peke yake. Misafara iliita kituo kwa jina la mtawala wake, na mtawala akifa jina hufuata la mrithi. Joseph Thomson, aliyefika eneo hilo mwishoni mwa 1883, aliandika Kwa-Sundu, kwa jina la Shiundu, mtawala wa Wanga aliyekuwa amekwisha fariki. Wasafiri waliomfuata waliandika kwa Mumia, mwanawe, na leo mji huo ni Mumias. Jina la aina hiyo basi linafuatiliwa kwa orodha ya watawala na miaka yao, na ramani inayoonyesha Kwa-Sundu na Mumia kama vituo viwili imenakili safari mbili juu ya mahali pamoja.