Guterekera: Tambiko la Wahenga katika Rwanda ya Kale

Mara kwa mara tunawasikia wanafunzi wakifasiri neno la Kinyarwanda guterekera kuwa ni "kuabudu mizimu". Tafsiri hiyo inapotosha. Gutereka ni kuweka kitu mahali pake, nalo linafanana na kuteleka kwetu, yaani kuweka chungu jikoni. Guterekera, basi, ni kumwekea mtu kitu. Aliyewekewa ni jamaa aliyefariki.

Mungu, ambaye Wanyarwanda humwita Imana, hakutolewa tambiko, kwa kuwa hakuwa na haja ya kitu. Wenye haja walikuwa abazimu, yaani wafu wa ukoo, ambao waliposahauliwa walikasirika na kuleta maradhi.

Tuchukue mfano wa nyumba ambamo mtoto ameugua. Baba hakukimbilia kutambika; kwanza alikwenda kwa umupfumu, yaani mpiga ramli, aliyetazama matumbo ya kuku au kurusha mbegu ili ajulikane ni mfu gani aliyekasirika. Tuseme alitajwa babu. Ndipo baba alipojenga indaro, kibanda kidogo ndani ya ua wa nyumba, na mtama ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa ili kupika pombe.

Aliyeongoza tambiko alikuwa mkuu wa nyumba mwenyewe, wala si kuhani. Alimimina pombe kidogo ndani ya indaro, akaweka maharagwe machache au maziwa, akamwita babu kwa jina na kumwomba apokee, atulie, amwache mtoto. Pombe iliyobaki ilinywewa na watu wa nyumbani. Kwa kawaida sadaka ilikuwa ndogo hivyo. Mbuzi au fahali alichinjwa pale tu ramli ilipoonyesha kwamba hasira ni kubwa.

Ugonjwa usipopoa, haikusemwa kwamba tambiko ni bure. Ilidhaniwa kuwa aliyetajwa siye, na baba alirudi kwenye ramli.

Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943. Katika miaka ile ya kuenea kwa Ukristo wengi waliiacha desturi hii, na wengine wakaiendeleza kwa siri.

Lugha zetu zimehifadhi tofauti inayofaa kufundishwa. Kwa Kiswahili tunasema mzimu na mizimu, katika ngeli moja na mti na miti. Kwa Kinyarwanda ni umuzimu na abazimu, katika ngeli ya watu, kama umuntu na abantu. Katika sarufi ya Kinyarwanda mfu amebaki mtu, naye katika indaro alitendewa kama mtu: aliitwa kwa jina, akawekewa chakula, akaombwa. Kwa hiyo tunapendekeza guterekera lifasiriwe "kuwatambikia wahenga", na neno kuabudu liachiwe Mungu.